Seva ya Minecraft Inapiga Lagi Wasee Wakijaa? Punguza Hizi Namba Kabla Uchange Doo za RAM

Hii story iko kwa karibu kila seva ndogo ya mtaa. Wasee watano wakiwa ndani, kila kitu iko fiti. Ikifika saa mbili usiku, 25 wameingia na vituko vinaanza. Unavunja bloku inarudi. Unapiga zombi, damage inaingia sekunde mbili baadaye. Unafungua kisanduku na hakifunguki. Kwa grupu ya WhatsApp mtu anasema, "Admini, ongeza RAM," watu wanachanga 200 bob kila mtu kwa M-Pesa, RAM inaongezwa, na kesho yake lagi ni ile ile. Wasee wanachoka, wanahepa mos mos, na seva inabaki na watu wanne.

Mara nyingi shida haikuwa RAM. Ilikuwa kazi ambayo seva inafanya kila sekunde, na kazi hiyo unaweza kuipunguza bila kulipa chochote. Hapa tunaongea Minecraft ya Java inayorun kwa Paper, juu ndiyo seva nyingi za bei ya chini hutumia. Kuna vitu viwili vya kushika: umbali ambao seva inauhudumia kwa kila mchezaji, na idadi ya viumbe walio hai ndani ya huo umbali.

Kwanza jua lagi yako ni ya wapi

Kuna lagi tatu na watu huziita jina moja. Ya kwanza ni ya simu ama kompyuta yako: picha inakatakata, FPS iko chini, lakini wenzako wako sawa. Ya pili ni ya mtandao: pingi iko juu. Kama seva imekaa Ujerumani na wewe uko Nairobi, pingi mara nyingi itapita milisekunde 100, na hakuna mpangilio wa seva utaifupisha hiyo njia. Ya tatu ni ya seva yenyewe, na hiyo ndiyo tunatibu leo.

Seva ya Minecraft huhesabu dunia mara 20 kwa sekunde. Kila hesabu inaitwa tiki. Sekunde moja ni milisekunde 1000, kwa hivyo kila tiki ina bajeti ya milisekunde 50. Ikimaliza kazi kwa 30, inapumzika 20 zilizobaki na wewe huoni kitu. Ikichukua 80, hakuna pahali pa kuiba muda, kwa hivyo dunia yote inaenda pole.

Kucheki, andika hizi kwa konsoli ama ndani ya gemu ukiwa admini:

```
/tps
/mspt
```

TPS inakuambia ni tiki ngapi zimefanyika kwa sekunde. 20 ndiyo safi. MSPT inakuambia kila tiki ilichukua milisekunde ngapi, na hiyo ndiyo namba ya maana zaidi, kwa sababu TPS inaweza kusoma 20 wakati MSPT iko 48, yaani uko ukingoni na wasee wawili wakiingia tu mnaanguka. Pima wakati watu wamejaa. Kupima saa nne asubuhi seva ikiwa tupu ni kujidanganya.

Kama wewe si admini, tumia tanuri. Furnace hupika kitu kimoja kwa tiki 200, yaani sekunde 10 kamili. Weka jiwe moja, washa saa ya simu. Likichukua sekunde 15, seva iko kwa TPS 13 hivi. Likichukua 10 na bado unakwama, shida ni mtandao wako ama mashine yako, usimsumbue admini.

Kwa konsoli pia kuna huu ujumbe, na ukiuona unajirudia wasee wakijaa, uko kwa ukurasa sahihi:

```
Can't keep up! Is the server overloaded?
```

Kwa nini RAM haikusaidia

Fikiria kibandaski chenye mpishi mmoja. Wateja wakijaa, unaweza kuongeza meza na viti, lakini chapati bado zinapikwa na mtu yule yule. RAM ni meza. Mpishi ni uzi mmoja wa prosesa, juu kazi kubwa ya dunia ya Minecraft (viumbe kutembea, redstone, mimea kukua) hufanywa kwa foleni moja. Ndiyo maana hata prosesa yenye koa nane haikuokoi kama kila koa ni pole: foleni kuu inatumia moja.

Kwa hivyo ukiwa na mashine ya kawaida, njia iliyobaki ni kupunguza oda.

View distance na simulation distance si kitu kimoja

Ramani ya Minecraft imekatwa vipande vya bloku 16 kwa 16 vinavyoitwa chanki. Seva ina namba mbili za umbali, na tangu toleo la 1.18 la mwaka 2021 namba hizo zimetenganishwa.

`view-distance` ni umbali ambao mchezaji anatumiwa picha ya dunia: milima, miti, majumba. Inakula RAM, bando na kazi ya kupakia chanki, lakini chanki ya kuangaliwa tu haimpi mpishi kazi nyingi kila tiki.

`simulation-distance` ni umbali ambao dunia inaishi: ng'ombe anatembea, ngano inakua, tanuri linapika, zombi anakutafuta. Hii ndiyo inakula zile milisekunde 50.

Zote mbili huja zikiwa 10, na hapo ndipo wengi wanaumia bila kujua. Kumi haimaanishi chanki kumi. Ni kumi kila upande, mbele, nyuma, kushoto, kulia, pamoja na ile uliyosimama. Hesabu ni mara mbili ya namba, ongeza moja, kisha uzidishe kwa yenyewe:

- Namba 10: 21 × 21 = chanki 441 kwa kila mchezaji
- Namba 7: 15 × 15 = chanki 225
- Namba 5: 11 × 11 = chanki 121
- Namba 4: 9 × 9 = chanki 81

Wasee 25 waliotawanyika kila mmoja pande yake, kwa 10, ni chanki 11,025 zinazoishi kwa wakati mmoja. Kwa 5 ni 3,025. Umepunguza namba kwa nusu, kazi imeshuka hadi karibu robo. Wakikaa kijiji kimoja wanagawana chanki zile zile, ndiyo maana seva huwa sawa kwa sherehe ya spoon na inazimia wasee wakienda kila mtu kusaka diamond kivyake.

Kwa hivyo usikate zote mbili sawa. Kata simulation sana, kata view kidogo. Mchezaji anahisi dunia ndogo akiona ukungu karibu. Hahisi kama ng'ombe wa mlima wa mbali amesimama tuli.

Zima seva, chukua nakala ya akiba ya folda yote, kisha fungua `server.properties`:

```
view-distance=7
simulation-distance=5
```

Washa tena. Kama hakuna kitu imebadilika, angalia `spigot.yml`. Huko chini ya `world-settings` kuna `view-distance` na `simulation-distance` pia. Zikiwa zimeandikwa `default` zinafuata faili la kwanza. Kama mtu aliweka namba, hiyo namba ndiyo inashinda. Pia paneli zingine za hosti huandika thamani zao juu ya zako kila seva ikiwaka, kwa hivyo rudi ucheki faili baada ya kuwasha.

Chini ya 4 usishuke. Kwa 4, dunia inaishi bloku 64 tu kutoka ulipo, na kwa 3 ni 48. Hapo shamba lililo nyuma ya nyumba linaganda ukiwa jikoni.

Viumbe: punguza idadi bila mtu kuhisi

Sasa tuko ndani ya hizo chanki zilizobaki. Kila zombi ana akili yake: anatafuta njia, anagongana na wenzake, anakuchungulia. Paper kwa kawaida humpa kila mchezaji kikomo chake cha maadui, na kikomo hicho ni 70. Wasee 25 waliotawanyika wanaweza kufikisha maadui 1,750, wengi wakiwa kwa mapango ambayo hakuna mtu ataingia.

Admini wengi hushusha 70 hadi 20, kisha watu wanalalamika usiku umekuwa mtulivu kama kanisa, hakuna pa kupata baruti wala mifupa. Walisahau nusu ya pili. Hao 70 hutawanywa kwa eneo la chanki 8 kila upande, yaani chanki 289. Ukishusha kikomo bila kupunguza eneo, 20 wanapotea ndani yake.

Lipunguze eneo pia. Chanki 4 kila upande ni 81. Piga hesabu: 70 mara 81 gawa kwa 289 ni 19.6. Yaani maadui 20 kwa eneo dogo wanakaa na msongamano karibu ule ule wa 70 kwa eneo kubwa. Mchezaji anakutana na kripa kama kawaida, na seva inabeba chini ya theluthi.

Kwa `bukkit.yml`:

```
spawn-limits:
  monsters: 20
  animals: 5
  water-animals: 2
  water-ambient: 5
  ambient: 1
```

Ile `ambient` ni popo. Hakuna mtu ataandamana.

Kwa `spigot.yml`, tafuta hii laini chini ya `world-settings`, `default`:

```
mob-spawn-range: 4
```

Iweke iwe ndogo kuliko simulation distance kwa moja. Ukiwa na simulation 5, hapa ni 4.

Bado kuna mtego mmoja. Kwa kawaida adui hufutwa papo hapo akiwa mbali na mchezaji kwa zaidi ya bloku 128. Lakini kwa simulation 5, dunia yako inaganda kwenye bloku kama 80, kwa hivyo zombi aliyeachwa nyuma anaganda kabla ya kufika 128 na anabaki kwa ramani akikungoja. Mfute mapema, kwa `config/paper-world-defaults.yml`:

```
entities:
  spawning:
    despawn-ranges:
      monster:
        hard: 72
```

Hizo laini tayari ziko kwa faili, badilisha thamani tu. Na ukiandika kwa faili za `.yml`, tumia nafasi za kawaida, usibonyeze Tab. Tab moja inatosha faili lote likataliwe.

Wale hawaondoki wenyewe

Hapa ndipo seva nyingi zinabaki na lagi hata baada ya hayo yote. `spawn-limits` inazuia kuzaliwa kwa wapya porini. Haiui waliopo, na haimzuii msee kuzalisha ng'ombe kwa ngano. Ng'ombe, kuku, wanakijiji na kiumbe chochote kilichopewa jina kwa name tag hawafutwi na umbali. Msee mmoja akiwa na shimo la kuku 400, hilo shimo linagongana ndani kila tiki akiwa karibu.

Kuwapata, Paper ina amri yake:

```
/paper entity list
/paper entity list minecraft:cow
```

Ya kwanza inakupa idadi kwa kila aina. Ya pili inakuonyesha ng'ombe wako kwa chanki gani, waliojazana zaidi wakiwa juu. Nenda uone kwa macho, kisha ongea na mwenyewe. Ng'ombe 20 wanazalisha nyama ya kutosha mtu mmoja. Wanakijiji ndio wa kuangalia zaidi, juu akili yao ni nzito: wanatafuta kitanda, kazi na njia kila wakati. Soko la wanakijiji 80 wanaozurura ni mzigo kuliko 80 waliofungiwa kila mmoja kwa kibanda chake cha bloku moja.

Wale ambao lazima wabaki, punguza umbali ambao wanafanya kazi kikamilifu. Nje ya huo umbali seva inawahesabu mara moja moja tu. Ni `spigot.yml` tena:

```
entity-activation-range:
  animals: 16
  monsters: 24
  villagers: 16
  misc: 8
  tick-inactive-villagers: true
```

Acha hiyo ya mwisho ikiwa `true`. Ukiweka `false` unaokoa kidogo, lakini mashamba ya chuma ya wasee yatakufa na utatafutwa.

Kuhusu plagini za kufagia kila kitu kila dakika tano: vitu vilivyoanguka chini hujifuta vyenyewe baada ya dakika tano hata hivyo. Fagio la jumla linachukua armor ya msee aliyekufa anakimbia kurudi kuiokota, na ng'ombe 400 wanabaki pale pale. Tibu chanzo.

Mfano: seva ya wasee 25

Tuseme seva ina RAM ya GB 6 na mipangilio yote ni ya kawaida. Saa mbili usiku, wasee 25 ndani, `/mspt` inasoma wastani wa 78. Gawa 1000 kwa 78, unapata TPS 12.8. Tanuri linachukua karibu sekunde 16.

Admini hakisii. Anawasha kipimo cha spark, ambacho Paper za 1.21 huja nacho, kwa dakika tano:

```
/spark profiler start --timeout 300
```

Ikiisha inatoa linki. Ndani ya linki anafungua `Server thread` na kufuata asilimia kubwa kushuka chini. Anakuta zaidi ya nusu ya muda inaenda kwa viumbe. Kama ingekuwa inaenda kwa plagini fulani ama hopa, dawa ingekuwa tofauti, na ndiyo maana unapima kabla ya kukata.

Usiku wa kwanza anabadilisha umbali pekee: view 7, simulation 5. Kesho yake saa ile ile, watu wale wale kwa idadi, MSPT ni 57. Imeshuka vizuri lakini bado imepita 50. Usiku wa pili anaweka `spawn-limits`, `mob-spawn-range` na `despawn-ranges`. Inasoma 46. TPS sasa ni 20, na wasee wanasema imepona, lakini 46 ni ukingo. Usiku wa tatu anaandika `/paper entity list` na anakuta ng'ombe 610 kwa chanki moja. Mwenyewe anakubali kubaki na 30. Inashuka hadi 35, na hapo kuna nafasi ya watu kadhaa zaidi.

Namba zako zitakuwa tofauti. Cha kuiga ni mtindo: badilisha kitu kimoja, pima saa ile ile, andika namba, ndio ujue nini ilisaidia. Ukibadilisha vitu kumi kwa usiku mmoja na shamba la mtu likafa, hutajua urudishe gani.

Waambie wasee kabla waone wenyewe

Haya mambo yana bei. Shamba lililo zaidi ya bloku 80 kutoka kwa mchezaji halikui. Mtambo wa kuua maadui ambao mwenyewe anakaa angani bloku 100 juu utaacha kutoa vitu, itabidi ashushe jukwaa lake hadi chini ya 72. Redstone ya mbali inalala mpaka mtu aikaribie. Ukiandika hiyo kwa grupu mapema, watu wanahamisha mitambo. Usipoandika, wanasema admini ameharibu seva.

Na mtu akikuambia bado haoni mbali akiweka Render Distance 16 kwa gemu yake, mweleze kwamba seva ndiyo inaamua: akiweka 16 na seva ni 7, anapata 7.

Kama bado inakwama

Angalia kama wastani wa MSPT uko chini lakini ile ya juu kabisa inaruka hadi mia kadhaa kwa ghafla. Hiyo si viumbe. Mara nyingi ni msee anapaa na elytra kwenda maeneo mapya na seva inalazimika kutengeneza ardhi papo hapo. Weka mpaka wa dunia kwa `/worldborder`, kisha tengeneza ramani yote ndani yake mapema kwa plagini ya Chunky, usiku watu wakiwa wamelala.

Kama seva yako ni ya Bedrock, hizi faili za Paper hazipo, lakini wazo ni lile lile: ndani ya `server.properties` yake kuna `tick-distance`, ambayo inakubali 4 hadi 12, na 4 ndiyo nyepesi.

Na kama umeshuka hadi simulation 4, viumbe wamehesabiwa, spark inaonyesha kazi ni ya kawaida tu na MSPT bado iko juu ya 50, basi mpishi wako amefika mwisho. Hapo sasa mchango wa M-Pesa una maana, lakini uliza hosti kuhusu kasi ya koa moja ya prosesa kwanza. RAM iulize baadaye.